Haraka Haraka Haina Baraka, na Sentensi Mbili Chini Yake

Methali "haraka haraka haina baraka" na picha ya Kibo vimeshazoeana. Ukiwa Moshi utaikuta methali hiyo kwa herufi nyeupe juu ya theluji, na chini yake maelezo mafupi, kwa kawaida sentensi mbili. Mara nyingi maelezo hayo yalianza yakiwa marefu: mtu anayeujua mlima ameeleza ukurasa mzima, kisha mtengeneza picha akapunguza mpaka yakaenea. Ninachouliza hapa ni kimoja. Katika ukurasa ule, kipi kina haki ya kubaki?

Sentensi zinazobaki huwa za namna hii: "Usiwe na pupa katika maisha. Mambo mazuri huja kwa wenye subira." Hazina uongo ndani yake. Lakini soma methali, kisha soma sentensi hizo, ujiulize umeongeza nini. Hujaongeza kitu. Methali imesemwa mara ya pili kwa maneno yasiyo na nguvu yake, na ukurasa mzima wa maarifa umepotea njiani.

Tuuangalie ukurasa huo kwa karibu, kama angeueleza mwongoza wageni mzoefu wa njia ya Marangu. Angeanza na vituo. Kutoka getini siku ya kwanza hufika Mandara, karibu mita 2,700. Siku ya pili hufika Horombo, karibu 3,700. Kisha kituo cha Kibo, karibu 4,700, na kutoka hapo usiku wa manane safari ya kwenda Uhuru, mita 5,895, mahali ambapo kila pumzi huleta takriban nusu ya oksijeni inayopatikana ufukweni. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Linganisha na vituo hivyo: kila kimoja kiko karibu mita 1,000 juu ya kilichotangulia. Ndiyo maana wanaojali huongeza usiku wa pili Horombo, wakapanda kidogo mchana na kurudi kulala pale pale. "Pole pole" inayosikika njia nzima si adabu tu. Mwili huanza kuhema zaidi, kisha taratibu hutengeneza damu ya kubeba hewa hiyo haba, na kazi hiyo huchukua siku. Nguvu za miguu haziiharakishi. Kijana mkakamavu anayewapita wenzake asubuhi anaweza kuwa wa kwanza kutapika jioni.

Mpaka hapo methali imesimama imara. Lakini mwongozaji wetu hajamaliza, na sehemu inayofuata ndiyo inayonigusa zaidi. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni mambo ya kawaida. Mtu husimama, hapandi tena mpaka apate nafuu. Akianza kuyumba kama mlevi, maneno yakamchanganyika, au akawa anakohoa na kuhema hata akiwa amekaa, hali ni nyingine. Mwongozaji humwambia atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ubongo huenda umeanza kuvimba, na hapo hakuna kungoja asubuhi. Atashushwa usiku huo huo, kwa miguu akishikiliwa au kwa machela ya gurudumu moja, na kila mita anayoshuka ni dawa. Katika saa hiyo haraka ndiyo yenye baraka, na anayeendelea kusema pole pole anaweza kuua.

Si mlimani tu. Huko chini vihambani, kahawa haiivi yote kwa pamoja, kwa hiyo mchumaji huurudia mti ule ule mara kadhaa akichagua matunda mekundu na kuyaacha mabichi. Akiharakisha, anaharibu ubora. Lakini tunda likishachumwa hutakiwa kumenywa siku hiyo hiyo. Likilala, huanza kuchacha na ladha yake huharibika. Shamba moja, mkulima mmoja, siku moja: asubuhi methali inamlinda, jioni inamponza.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Methali ni hukumu iliyotengwa na kesi yake. Wahenga hawakutuachia "haraka haraka haina baraka" peke yake. Walituachia pia "ngoja ngoja huumiza matumbo" na "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Mtu akitaka kuzitumia vizuri, hekima yake iko katika kuchagua ipi aitoe, kwa nani, na saa ngapi. Barazani uchaguzi huo hufanywa na mzee anayemtazama kijana usoni. Kwenye picha mzee hayupo, kesi haipo, na theluji ya Kibo haimjui anayeitazama. Kwa hiyo maelezo ya chini hayana kazi ya kuirudia hukumu. Yameachiwa nafasi ya yule mzee: kuonyesha hukumu hii ni ya nani na inaishia wapi.

Kwa nini basi mpaka ndio unaokatwa kwanza? Kwa sababu wengi hufupisha kwa kujumlisha. Hutafuta sentensi inayoweza kufunika ukurasa wote, na sentensi pana kiasi hicho lazima iwe tupu. Ipo njia nyingine, ya kufupisha kwa kuchagua: unachukua kipande kimoja cha ukurasa ambacho msomaji asingeweza kukibuni mwenyewe kwa kuisoma methali, na kilichobaki unakiacha. Fundisho la subira angelibuni. Mpaka wake asingeubuni.

Wapo watakaosema methali huishi kwa uwazi wake, na kwamba kuiwekea mpaka ni kuifunga. Naliheshimu neno hilo, ila nadhani "mambo mazuri huja kwa wenye subira" ndiyo inayoifunga, kwa kuwa inamaliza fikra. Mpaka humfanya msomaji ajiulize yeye yuko upande gani.

Jaribio la kwanza lingekuwa hivi: "Juu ya mita 3,000 mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea uhaba wa hewa, kwa hiyo panda taratibu. Lakini ukianza kuyumba au kuchanganyikiwa, shuka haraka." Ni sahihi, ila mpangilio wake una hatari. Instagram huonyesha mwanzo tu wa maelezo, takriban herufi 125, na yaliyobaki huyaficha mpaka msomaji abonyeze. Sentensi hizi hukatika katikati ya "kuchanganyikiwa", kabla ya "shuka". Asiyebonyeza ameondoka na nusu, na ni ile nusu inayoweza kumdhuru.

Kwa hiyo mpaka utangulie: "Methali hii ni ya anayepanda, si ya anayeumwa. Mwili huzoea hewa haba kwa siku kadhaa, lakini anayeyumba au kuchanganyikiwa hushushwa usiku huo huo." Vituo vimepotea, kahawa imepotea, mita zote zimepotea, na sioni hasara. Anayesoma sentensi ya kwanza peke yake ameshajua kwamba kuna mahali methali inasimama, na anaweza kuipeleka hata kwenye kitanda cha mtoto mwenye homa.

Ukipewa ukurasa wa mzee na nafasi ya sentensi mbili, utafute kwanza mahali aliposema "lakini", uanzie hapo. Usipopapata, chapisha methali peke yake na chini pabaki patupu.