"Hivi karibuni, Inshaallah" ni lini?

Mapema mwezi Machi 2024 nilisimama na mzee mmoja wa Shume mbele ya duka la pembejeo mjini Lushoto. Mlangoni palibandikwa karatasi: "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, mbegu za viazi zitawasili hivi karibuni, Inshaallah. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Mzee akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hivi karibuni ndiyo lini?"

Sikuwa na jibu. Mzee alikuwa amelipa fedha zote kabla, kwa ahadi kuwa atapewa mbegu Jumamosi tarehe 2 Machi. Shamba lilikwishalimwa na masika yako mlangoni. Kama mbegu zinakuja baada ya siku kumi, atasubiri. Kama ni mwezi mzima, ni bora adai fedha zake apande maharage. Karatasi ile haikumsaidia kuamua lolote. Ilimwambia asubiri tu, na hasara ya kusubiri ni yake.

Tuliingia ndani. Mwenye duka ni Muislamu mwenzetu, na alijibu kwa unyenyekevu: "Sheikh, nikitaja tarehe kisha nikaikosa, nitakuwa mwongo. Bora niseme Inshaallah."

Hapa ndugu zangu ndipo penye mtihani. Qur'an katika Suratul Kahf, aya ya 23 na 24, imetufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kulitegemeza kwenye utashi wa Mwenyezi Mungu (s.w.). Lakini fundisho hilo linamhusu mtu mwenye azma ya kufanya na siku ya kufanya. Halikuja kumpa mfanyabiashara pa kujifichia.

Tena mauzo haya sheria inayajua. Ni bei ya salam: fedha hutangulia, mali hufuata. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakilipia matunda kabla, akaweka sharti kuwa kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Sasa, ikiwa muda ni sharti siku ya kulipa, vipi ugeuke kuwa "hivi karibuni" siku ya kuchelewa?

Tukamuuliza sababu. Akakiri kuwa alichelewa wiki nzima kutuma fedha Njombe zinakotoka mbegu, hivyo zamu yake ikapita. Hilo halikuwa nje ya uwezo wake. Tukamwomba ahesabu safari kituo kwa kituo. Gari linapakia Alhamisi tarehe 7. Mombo linafika Jumamosi tarehe 9. Jumapili linapanda Lushoto, na Jumatatu tarehe 11 pikapu zinagawa vijijini. Lakini hesabu hiyo ni ya barabara kavu. Mvua ikinyesha, udongo huporomoka njia ya Soni na gari hulala. Tukaongeza siku tatu. Ndipo akaandika upya:

"Mbegu za viazi tulizoahidi kuwapa tarehe 2 Machi hazijafika. Tulichelewa kutuma fedha, kosa ni letu. Tutagawa Alhamisi tarehe 14 Machi, Inshaallah. Jumamosi tarehe 9 jioni tutabandika hapa kama gari limefika Mombo au la. Asiyeweza kusubiri aje achukue fedha zake zote."

Angalia tofauti. Tarehe iliyotajwa ni ya mkulima kupokea mbegu mkononi, si ya gari kufika Mombo. Inshaallah imebaki, ila sasa imesimama baada ya siku inayojulikana. Na ikitokea gari halikufika Mombo, watu watajua siku tano kabla, si siku yenyewe.

Wapo watakaosema kosa la mtu si la kubandikwa mlangoni, wateja watakimbia. Tukumbuke kisa alichopokea Abu Hurayra (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta ndani imelowa. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua. Alimuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akakemea vikali udanganyifu. Muuzaji yule hakuwa ametamka uongo wowote. Alinyamaza tu, na lililolowa likabaki chini.

"Sababu zilizo nje ya uwezo wetu" ni nafaka kavu iliyopangwa juu. Hata kama kweli ni mvua iliyokata barabara, kuchelewa kutakuwa ni qadari, lakini kukuficha ni tendo letu wenyewe.

Wapo waliorudishiwa fedha zao siku ile, na mwenye duka hakufurahi. Mzee wa Shume alichukua nusu akanunua maharage, nusu akaacha asubiri viazi. Aliamua mwenyewe, kwa sababu sasa alikuwa na la kuamulia.

Wabillahi tawfiiq.