Kosa la Sokoni na Suluhu ya Chumbani

Soma Mathayo 18:15-17. Wafilipi 4:2, 3.

Kristo aliagiza kwamba aliyekosewa aanze kwa kumwendea ndugu yake faraghani. Je, marafiki wakitukanana mbele za watu, suluhu ya faraghani inatosha?

Tuseme marafiki wawili wanauza viazi katika soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mmoja ni Mhehe wa Iringa, mwingine ni Mngoni wa Songea. Makabila yao yalipigana vita katika karne ya 19, na leo ni watani. Siku moja Mngoni alidai deni lake mbele ya wateja, akamwita mwenzake mwizi. Mhehe akajibu kwa kutangaza siri ya ndoa ya Mngoni, aliyoambiwa kwa kuaminiwa. Tangu hapo hawasalimiani.

Kwanza, msuluhishi amsikilize kila mmoja peke yake. Paulo alimsihi Euodia, akamsihi na Sintike, kila mmoja kwa jina lake, kisha akamwomba mtenda kazi mwenzake awasaidie. Hapo Mhehe huenda akasema, “Nilikuwa natania tu.” Aulizwe kama mwenzake angeweza kucheka. Utani hugusa kabila, na anayetaniwa hujibu kwa utani. Siri ya rafiki haina jibu. Asipoiona tofauti hiyo, wasikutanishwe bado, maana ugomvi utaanza upya.

Pili, deni litenganishwe na matusi. Wakubaliane kiasi na siku ya kulipa. Mambo haya yakichanganywa, mwenye kudai hutumia haki yake kulitetea neno “mwizi”, na mdaiwa hutumia tusi alilotukanwa kukwepa kulipa. Baada ya hapo kila mmoja aombe radhi kwa neno lake mwenyewe, bila kuongeza “lakini”.

Tatu, warudi sokoni. Majirani wa vibanda walisikia tusi, ila hawakusikia toba. Mngoni aseme mbele yao: “Nilimwita mwizi. Si mwizi, tuna hesabu yetu na tumeielewana.” Uongo husafishwa kwa kutajwa na kukanushwa. Lakini Mhehe asiitaje ile siri hata kwa kuomba radhi, maana angeitangaza mara ya pili. Aseme tu: “Nilisema nisiyopaswa kuyasema. Nilimkosea rafiki yangu.”

Kwa hiyo toba inapaswa kufika mahali kosa lilipofika, ila isilieneze jeraha. Msuluhishi atajua kazi imeshika akiwaona wakisalimiana pasipo mtu wa kuwatazama. Salamu ikirudi, asimlazimishe Mngoni amwamini tena rafiki yake kwa siri nyingine. Msamaha waweza kutolewa leo. Uaminifu hujengwa kidogo kidogo.

Swali la kujadili: Kama siri iliyotangazwa ingekuwa uongo, je, Mhehe angepaswa kusema nini sokoni?