Rimoti Moja ya Baba

Kumfichia mtu mzima kilicho chake kunahitaji sababu, na huruma peke yake haitoshi. Baba yangu ana miaka 79, kumbukumbu inamtoka, na mimi ndiye niliyeficha karibu kila kitu kwenye televisheni yake.

Alikuwa na rimoti mbili, ya televisheni na ya king'amuzi. Ile ya televisheni ina kitufe cha Source. Akikigusa tu, picha inaondoka, yanabaki maandishi No Signal. Mimi na wewe tungekibonyeza tena. Yeye hakumbuki alichobonyeza sasa hivi, basi anajaribu kingine, na kingine, mpaka anaangukia kwenye apu ya filamu inayomdai nywila. Hapo huiweka rimoti chini na kukaa kimya.

Sikumnunulia rimoti mpya. Ugonjwa huu humzuia mtu kujifunza mapya mapema, ila mazoea ya vidole hudumu zaidi, na kidole gumba chake kinajua pa kubadilishia chaneli. Rimoti ya king'amuzi ina sehemu ndogo inayoweza kufundishwa, yenye SET, POWER, VOL na AV/TV. Nilishikilia SET mpaka taa ikawaka mfululizo, nikabonyeza POWER, kisha nikailekezea rimoti ya televisheni na kubonyeza kitufe chake cha kuzimia. Taa ilipopepesa, ikawa imeshika. Sauti nayo hivyo hivyo. AV/TV sikuifundisha, kwa hiyo hata akiibonyeza, hakuna kinachotokea. Rimoti nyingine iko kabatini. Apu nilizizima kwa Settings, Apps, kisha Disable. Hazijafutwa, siku yoyote zinarudi.

Nilimwuliza kwanza, tena asubuhi, kwa kuwa jioni huchanganyikiwa zaidi. "Baba, hizi za filamu nizitoe?" Akasema, "Toa, zinanipoteza." Kesho yake hakukumbuka kwamba tulizungumza. Je, ruhusa aliyoisahau mwenye kuitoa bado ni ruhusa? Naona ni ruhusa, maadamu namwuliza tena na jibu ni lile lile. Siku atakayosema "zirudishe", nitazirudisha, hata kama atapotea tena.

Kaka yangu alipoona imefaa, akataka tufunge na chaneli ya habari kwa namba ya siri, maana baba hugombana na wasomaji wake. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Nilikataa. Kitufe cha Source kilimpeleka asikotaka kwenda. Taarifa ya saa mbili usiku anaitafuta mwenyewe, na hasira zake juu ya wanasiasa anazo tangu sijazaliwa. Wako wagonjwa wanaofika mahali pa kuamini kwamba watu wa kwenye kioo wamo sebuleni, wakawaogopa. Akifika huko, nimemwambia kaka, tutakaa tena tulizungumze. Kwa sasa anayesumbuka na kelele ni kaka, na yeye ana chumba chake.