Kistari Ndani ya Duara

Mwanafunzi wa chuo kimoja cha Biblia alirudishiwa insha yake hivi karibuni ikiwa na maneno mekundu: "Unabomoa imani." Kosa lake ni kuandika kwamba hati za kale za Kigiriki hazikubaliani katika 1 Timotheo 3:16. Mwalimu hakusema jambo hilo ni uongo. Alikasirika kwamba limesemwa.

Tofauti za matini ni nini, kila kitabu cha utangulizi kinaeleza. Tuitazame hii moja ilivyozaliwa. Wanakili Wakristo walifupisha majina matakatifu, hivyo theos, yaani Mungu, likaandikwa kwa theta na sigma, na mstari juu yake. Hos, yaani "ambaye", ni omikroni na sigma. Theta ni duara lenye kistari katikati. Kistari kisipokuwepo, ni omikroni. Katika Kodeksi ya Sinai, ya karne ya 4, mwandishi wa kwanza aliandika "ambaye", kisha mkono wa baadaye ukaongeza herufi juu ili isomeke "Mungu". Na "ambaye" hapo linakwaza kisarufi, kwa hiyo ni rahisi kuelewa mnakili aliyelinyoosha kuliko aliyeliondoa jina la Mungu.

"Basi nakala zikitofautiana, Neno limepotea!" Kauli hii hunichosha. Mhubiri wa mihadhara huitumia kushambulia, mwalimu huyu huiogopa, na wote wawili wanaamini kitu kilekile: kwamba tofauti ni hasara. Hebu tuseme imebaki nakala moja tu, yenye "Mungu". Tofauti zingekuwa sifuri, nasi tungelala usingizi juu ya badiliko ambalo hakuna awezaye kuligundua. Hati za Kigiriki za Agano Jipya zinapita 5,000. Kila moja inayoongezeka huongeza tofauti za kuhesabu, lakini huongeza pia shahidi wa kuhojiwa. Anayetaja idadi ya tofauti bila kutaja idadi ya mashahidi anadanganya kwa hesabu sahihi.

Wapo wanaosema kwamba kabla ya nakala kongwe zaidi kuna kipindi tusichokiona. Hoja hiyo ni ya haki, na sina jibu lake.

Namkumbuka Johann Jakob Wettstein, shemasi wa Basel. Aliichunguza Kodeksi ya Aleksandria kule London, akasema kistari kinachoonekana ndani ya duara ni cha herufi ya upande wa pili, kimepenya ngozi. Mkono wa baadaye ulikuwa umekoleza wino mahali hapo, kwa hiyo jicho peke yake halimalizi ubishi. Mwaka 1730 alivuliwa kazi kwa tuhuma za uzushi. Akahamia Amsterdam, na Agano Jipya lake lenye tofauti hizo likachapishwa mwaka 1751 na 1752.

Imani ibebe tofauti ngapi, sijui. Ila mwalimu, mwanafunzi akiandika "ambaye", mwulize: hati ipi, na mkono upi? Msahihishe kwa majibu hayo.