Nani Kasema Ni Mwizi?

Hivi ndugu msomaji, mtu akishakufa, neno la uongo linamdhuru nini tena? Swali hili lilinikaa kichwani usiku mmoja nilipopewa habari ya aya sita niipitie kabla haijaenda mtamboni. Mimi ni mwandishi wa riwaya isiyokwisha. Baada ya kidato cha nne nilijishikiza kwenye gazeti moja dogo la hapa Dar, malipo nauli na chai.

Kichwa cha habari kilisema: JAMBAZI SUGU AUAWA NA WANANCHI WENYE HASIRA. Aya ya kwanza ikaongeza kwamba kijana huyo alikutwa akiiba simu dukani saa mbili usiku. Mashahidi watatu walinukuliwa, na polisi wamethibitisha kifo. Kwa macho ya haraka, habari imekamilika.

Nikachukua kalamu nyekundu. Sikupigia mstari sentensi, nilipigia maneno, maana sentensi moja huweza kuficha madai manne. Pembeni ya kila neno niliandika maswali mawili: nani kasema, na kajuaje? Kaona, kasikia, au anakisia tu?

"Jambazi" ni mtu anayepora kwa nguvu, mara nyingi kwa silaha. Ndani ya habari hakuna hata kisu. "Sugu" maana yake amewahi kufanya hivyo mara nyingi. Basi iko wapi kesi ya zamani, au afisa wa polisi anayemfahamu? Hakuna. "Wananchi wenye hasira" ndiyo iliyonichoma zaidi. Waliompiga mtu mpaka akafa ni watuhumiwa wa mauaji, lakini kwa maneno hayo wanakuwa kama mvua: imenyesha, imekatika, hakuna wa kuulizwa.

Likabaki "alikutwa akiiba". Nikamwomba kaka aliyeandika afungue daftari lake. Mama lishe aliona kipigo kikianza, baada ya kusikia kelele za "mwizi!" Dereva wa bodaboda alifika kijana akiwa tayari chini. Mjumbe alikuja asubuhi. Wote watatu, ukiwafuatilia, neno "mwizi" walilipata kwa mwenye duka, na mwenye duka hakuhojiwa! Vinywa vitatu, chanzo kimoja. Tena huyo ndiye aliyepiga kelele ya kwanza, kwa hiyo ana sababu zake za kutaka marehemu awe mwizi kweli.

Usidhani ni makosa ya magazeti madogo tu. Mwaka 2014 jarida la Rolling Stone la Marekani lilichapa habari ya ubakaji katika Chuo Kikuu cha Virginia. Maneno ya marafiki watatu yaliandikwa kama yalivyosimuliwa na mlalamikaji. Marafiki wenyewe hawakutafutwa. Aprili 2015, baada ya uchunguzi wa shule ya uandishi wa habari ya Columbia, jarida likaiondoa habari hiyo.

Kaka alirudi mtaani, ingawa kwa kununa. Mwenye duka akasema simu ilikuwa kaunta, akageuka kuchukua chenji, kugeuka tena haipo, na yule kijana ndiye aliyekuwa karibu. Je, alipopekuliwa alikutwa nayo? Hapana. Basi "alikutwa akiiba" ikafa palepale. Tukamtafuta na mtu anayemjua marehemu, tukampata jamaa aliyepanga naye chumba. Hakumsifia. Alisema kijana alikuwa anabeba mizigo sokoni na jioni ile alitoka kwenda kununua vocha. Hiyo haimtakasi, lakini sasa kuna sababu nyingine ya yeye kuwa dukani, na msomaji anastahili kuijua.

Kaka akapendekeza tuweke "inadaiwa" kila mahali, mambo yaishe. Nikakataa. "Inadaiwa" bila mdai ni shuka la kufunikia uvivu. Andika: mwenye duka anadai.

Kichwa cha habari nilikiacha mwisho. Nilikifunika kwa kiganja, nikasoma habari iliyosahihishwa, nikaandika kile tu inachoweza kubeba: KIJANA APIGWA HADI KUFA, ATUHUMIWA KUIBA SIMU. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Huyu hata kushtakiwa hakuwahi. Hukumu yake ya kwanza na ya mwisho ingekuwa ile herufi kubwa ya kwetu.

Mhariri alisoma, akakuna kidevu. "Dogo, 'jambazi' linauza. Hili nani atanunua?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilimwambia tu kwamba yule jamaa wa chumbani alituomba jina tusiliweke kwanza, kwa sababu mama wa marehemu yuko kijijini na hajaambiwa.

Akanyoosha mkono kuomba kalamu yangu, akalikata jina. Kichwa cha habari akakiacha nilivyokiandika.