Chukua Jembe Ukalime

"Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune." Wapo wanaoifasiri methali hii kuwa ruhusa ya kufaidi ugomvi wa wenzako. Mimi naiona vingine. Ugomvi wa ndugu hudumu kama msimu mmoja wa mazao, kisha huisha. Aliyeshika jembe lake atakuwa na cha kuvuna, na aliyeingia kati atabaki na maneno aliyoyasema, yakikumbukwa na pande zote mbili.

Nilipimwa na methali hii huko Tanga. Baada ya arubaini ya ndugu yake, baba mkubwa aliniita niwasuluhishe watoto wa marehemu, wanaume wawili na binti mmoja, waliogombea nyumba. Sikumjibu kwa simu. Nilikwenda kwake baada ya Alasiri, tukakaa wawili tu barazani.

"Baba mkubwa, niwie radhi, hili siliwezi," nilimwambia. "Kaka mkubwa nimesoma naye, tumekula sahani moja. Nikisema haki iko kwake, wenzake wataona nimempendelea. Nikisema haiko kwake, ataona nimemsaliti."

Alinyamaza kitambo. "Basi nani atawaamua, mwanangu?"

Nilimwambia mafungu yenyewe hayana mwamuzi, yamekwishapangwa katika sheria ya mirathi. Tuseme nyumba ina thamani ya milioni 40. Mjane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumuni, yaani milioni 5. Zinazobaki 35 ni mafungu matano: kila mwanamume mawili, milioni 14, na binti moja, milioni 7. Kilichowagombanisha ni vyumba vya uani, ambavyo kaka mkubwa alidai kavijenga kwa fedha zake. Dai kama hilo linataka risiti, fundi na mashahidi, tena mbele ya mwenye mamlaka. Mimi ningekuwa na huruma tu, na huruma haithibitishi nani alinunua saruji.

Hapo ndipo neno "ukalime" linapokuwa na uzito. Methali haikusema ukalale. Jembe langu lilikuwa kumsindikiza binti yule kutafuta cheti cha kifo, kuhimiza kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi wa mirathi na kuandika muhtasari wake, kisha kuupeleka Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na mwenye dai hulipeleka huko. Na lau mjane angefungiwa mlango, nisingeitumia methali hii kujificha. Hapo si ugomvi wa ndugu tena, ni dhuluma, na ningemsimamia waziwazi.

Baba mkubwa hakufurahi siku ile. Alinitazama, akasema, "Haya, nimekusikia," akaingia ndani. Idi iliyofuata ndugu wale watatu walikula pamoja nyumbani kwa mama yao. Mimi nilialikwa, na kaka mkubwa ndiye aliyenifungulia mlango.