Adabu ya Pipa la Maji

Bismillahi Rrahmani Rrahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Enyi ndugu zetu Waislamu, Mtume (s.a.w.) alituamrisha kufunika vyombo usiku, tena akamkataza aamkaye usingizini asitie mkono chomboni mpaka auoshe mara tatu. Hayo twayajua sote, na mapipa yetu yako wazi.

Tazameni Dodoma. Mvua hunyesha toka Disemba hata Aprili, kisha ni kiangazi kitupu. Maji ya visima vya Makutupora hayawafikii watu wote kila saa, na katika mitaa iliyosongamana kama Chang'ombe watu huyaweka akiba. Tufanye nyumba moja ya wapangaji sita, na pipa lao la lita 200 uani. Pipa hilo likikosa adabu huleta maradhi mawili.

La kwanza ni homa ya dengi. Mbu wake hupenda maji safi yaliyotulia. Hutaga mayai ubavuni mwa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa, kisha yakipata maji yakaanguliwa. Basi kumwaga maji hakutoshi. Pipa lisuguliwe ndani kwa brashi kila juma, kabla viluwiluwi havijawa mbu, kisha lifunikwe pasiwe na pengo. Wala mtu asiseme, "Mimi nina chandarua." Chandarua humkinga na mbu wa malaria aumaye usiku, huyu wa dengi huuma mchana. Mwenye homa apelekwe akapimwe, wala asipewe aspirini, kwani katika dengi huzidisha kutoka damu.

La pili ni kipindupindu, kilichozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kikaenea mikoani, hata Dodoma. Maji huweza kutoka bombani yakiwa salama, yakaharibiwa na mkono uliotoka chooni ukazamisha kikombe pipani. Kwa hiyo maji ya kunywa yatengwe katika ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki. Yachujwe kwanza kwa kitambaa, maana tope huidhoofisha dawa; kisha kitiwe kidonge kimoja cha klorini cha kipimo hicho, yangojwe nusu saa. Asiye na kidonge na ayachemshe mpaka yatokote. Na aharishaye maji kama ya kuoshea mchele asingojwe mpaka asubuhi, kwani huweza kufa kwa saa chache. Apelekwe mara moja, na njiani anyweshwe lita moja ya maji salama yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Pipa la watu sita husuguliwa na nani? Kila mmoja humtazama mwenziwe. Basi wagawane zamu, juma kwa juma. Na ajuaye kuwa zamu ni yake akaiacha, amewakhini jirani zake watano.

Wabillahi taufiki.